Ova 2.25, 2.5 au 2.75: mechi ipi inafaa mstari upi

Ukifungua soko la jumla ya mabao kwenye mechi yoyote kubwa, utakuta mistari mitatu imebanana pale katikati: 2.25, 2.5 na 2.75. Wa 2.5 kila anayebeti anaujua: yakiingia mabao matatu umeshinda, yakiishia mawili umepoteza. Hii ya robo ndiyo inayowachanganya watu, maana hakuna mechi inayoisha kwa robo bao. Wengi huishia kuichagua kwa kuangalia odi tu: anayetaka usalama anakwenda 2.25, anayetaka hela nyingi anakwenda 2.75. Huko ni kuchagua nusu ya jambo. Kinachotakiwa kuamua ni kitu kingine kabisa, nacho ni namna mabao ya mechi hiyo yanavyojipanga kati ya mawili, matatu na manne.

Dau linavyogawanyika

Mstari wa robo hauna maajabu. Kampuni inalikata dau lako vipande viwili sawa na kuviweka kwenye mistari miwili iliyo jirani. Ukiweka 1,000 kwenye Ova 2.25, basi 500 imekwenda Ova 2.0 na 500 nyingine imekwenda Ova 2.5, zote kwa odi ileile uliyoiona. Ukiweka 1,000 kwenye Ova 2.75, basi 500 iko Ova 2.5 na 500 iko Ova 3.0. Baadhi ya kampuni huandika `2.25`, nyingine `2, 2.5` au `2/2.5`. Ni kitu kimoja.

Mstari wa namba nzima, kama 2.0 au 3.0, una tabia moja ambayo 2.5 haina: mabao yakiwa sawasawa na namba hiyo, dau linarudi, hujashinda wala hujapoteza. Hapo ndipo matokeo ya nusu yanapozaliwa. Ova 2.25 mechi ikiisha na mabao mawili, kipande cha 2.0 kinarudi na kipande cha 2.5 kinapotea, kwa hiyo umepoteza nusu ya dau. Ova 2.75 mechi ikiisha na mabao matatu, kipande cha 2.5 kimeshinda na kipande cha 3.0 kimerudi, kwa hiyo umepata nusu ya faida. Kwenye historia ya mikeka yako haya husomeka `Half Lost` na `Half Won`.

Tuchukue mechi moja ambayo skrini inatoa Ova 2.25 kwa odi 1.74, Ova 2.5 kwa 2.00 na Ova 2.75 kwa 2.30. Kwa dau la 1,000, faida au hasara yako ni hii:

| Mabao | Ova 2.25 (1.74) | Ova 2.5 (2.00) | Ova 2.75 (2.30) |
|---|---|---|---|
| 0 au 1 | −1,000 | −1,000 | −1,000 |
| 2 | −500 | −1,000 | −1,000 |
| 3 | +740 | +1,000 | +650 |
| 4 au zaidi | +740 | +1,000 | +1,300 |

Safu ya kwanza inastahili kutazamwa kabla ya nyingine. Mechi ikikauka, ikaisha 0–0 au 1–0, mistari yote mitatu inapoteza sawa. Kwa hiyo hofu kwamba mechi itakosa mabao kabisa si sababu ya kukimbilia 2.25. Mstari huo haukulindi na mechi kavu. Unakulinda na mechi ya mabao mawili tu. Mtu anayesema "timu hizi zinaweza kutoka sare tasa, ngoja niende 2.25" amenunua kinga ya ugonjwa mwingine. Kama hofu yake ni hiyo, mechi hiyo haina Ova ya kumfaa.

Unacholipia unapohama mstari

Ukitoka 2.5 kwenda 2.25, unapata kitu kimoja na kuacha kimoja. Unapata 500 kila mechi inapoishia mabao mawili. Unaacha 260 kila mechi inapofika mabao matatu au zaidi, maana 740 imechukua nafasi ya 1,000. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni jepesi: kwa kila mechi mbili za matatu na kuendelea, je, kuna angalau mechi moja ya mabao mawili kamili, na kidogo zaidi? Kama ndiyo, 2.25 inalipa kuliko 2.5. Kama mechi za mabao mawili ni chache kuliko hapo, umelipia bima kwa bei ghali.

Ukitoka 2.5 kwenda 2.75, mabao mawili hayahusiki tena, maana mistari yote miwili inapoteza sawa hapo. Ugomvi ni kati ya matatu na manne. Mechi ikiishia matatu unaacha 350, kwa sababu umepata 650 badala ya 1,000. Ikifika manne unaongeza 300. Kwa bei hizi, 2.75 inalipa pale tu unapoamini kwamba mechi za manne na kuendelea ni nyingi kuliko za matatu kamili, kwa tofauti ya karibu moja katika kila sita.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu watu wengi hukadiria kitu kimoja tu, yaani uwezekano wa mechi kufika mabao matatu, kisha wanatumia makadirio hayo kuchagua kati ya mistari yote mitatu. Makadirio hayo yanatosha kwa 2.5 peke yake. Kwa 2.25 unahitaji pia kujua mabao mawili yana uzito gani, na kwa 2.75 unahitaji kujua manne yana uzito gani.

Mechi tatu zenye Ova 2.5 ileile

Tuone jambo hili kwa namba. Chukua mechi ya kawaida ambayo wastani wake ni mabao 2.6. Kwa hesabu ya Poisoni, ambayo ndiyo msingi wa bei nyingi za mabao, kati ya mechi 100 za aina hiyo karibu 27 huisha na bao 0 au 1, 25 huisha na mawili, 22 huisha na matatu, na 26 hufika manne au zaidi. Ukiweka 1,000 kwenye kila moja ya hizo 100, kwa bei za jedwali letu, Ova 2.25 inakuachia hasara ya 3,980, Ova 2.5 hasara ya 4,000, na Ova 2.75 hasara ya 3,900. Ni karibu sawa, na hasara hiyo ndiyo chumo la kampuni lililofichwa ndani ya odi. Maana yake, kama unavyoiona mechi ndivyo soko linavyoiona, hakuna mstari wa kukuokoa. Kuhama kutoka 2.5 kwenda robo kutabadilisha ukubwa wa mawimbi, hakutabadilisha uelekeo wa maji.

Sasa chukua mechi ya pili. Nayo ina nafasi 48 kati ya 100 za kufika mabao matatu, kama ile ya kwanza, ila imebanana katikati: 24 huisha na bao 0 au 1, 28 na mawili, 24 na matatu, 24 na manne au zaidi. Ova 2.5 bado inapoteza 4,000, haijatikisika. Ova 2.25 sasa inapoteza 2,480 tu, na Ova 2.75 inapoteza 5,200.

Mechi ya tatu ina 48 zilezile, lakini imetawanyika kwenye ncha: 30 huisha na bao 0 au 1, 22 na mawili, 18 na matatu, na 30 hufika manne au zaidi. Ova 2.5 inapoteza 4,000 tena. Ova 2.25 inashuka hadi hasara ya 5,480. Ova 2.75 inapanda hadi hasara ya 1,300.

Mechi zote tatu zingekupa jibu moja kama ungejiuliza tu "zitafika tatu?" Mechi iliyobanana inataka 2.25. Iliyotawanyika inataka 2.75. Na bado hata chaguo zuri hapa halijafika kwenye faida. Limepunguza tu makato. Ili uvuke, unahitaji pia kuwa sahihi kuhusu hizo 48, kwamba kwa kweli ni 51 au 52.

Utaijuaje mechi iliyotawanyika? Dalili kubwa ni mechi ambayo bao la kwanza linabadilisha kila kitu. Timu kubwa inacheza na dhaifu iliyopaki basi: bao likichelewa mechi inaganda na kuisha 1–0, likiingia mapema dhaifu inalazimika kutoka nje na milango inafunguka. Matokeo ya 0 na 1 yanaongezeka, ya 4 na 5 yanaongezeka, na ya katikati yanapungua. Mechi za marudiano za mtoano nazo huwa hivi pale timu moja inapoingia ikiwa nyuma kwa tofauti ndogo, hasa kwenye mashindano ya UEFA tangu sheria ya bao la ugenini ilipofutwa msimu wa 2021/22, kwa sababu bao moja halimalizi tena hesabu kama zamani.

Mechi iliyobanana ni ile ambayo timu zote mbili zina uwezo wa kufunga lakini hakuna anayelazimika kufukuza kwa nguvu. Timu mbili za kiwango kimoja, katikati ya jedwali, zikifika 1–1 dakika ya 70 mara nyingi zinapunguza kasi. Hapo mabao mawili ni matokeo yanayojirudia, na nusu ya dau inayorudi ina thamani ya kweli. Lakini usilitegemee jambo hili kwa mechi tano za mwisho. Mechi tano ni chache mno kukuonyesha umbo la mabao. Angalia msimu mzima, na uhesabu mechi zilizoishia mawili, matatu na manne kila moja kivyake, badala ya kuangalia wastani.

Kuchukua robo au kugawa mwenyewe

Kwa kuwa robo ni mistari miwili iliyounganishwa, unaweza kuiunda kwa mkono wako. Mara nyingine inalipa zaidi. Tuseme skrini hiyohiyo inatoa pia Ova 2.0 kwa 1.52 na Ova 3.0 kwa 2.75.

Kwa 2.25 hesabu ni rahisi: chukua wastani wa odi mbili jirani. 1.52 na 2.00 zinatoa 1.76. Skrini inatoa 1.74. Ukiweka 500 kwenye 2.0 na 500 kwenye 2.5 wewe mwenyewe, mechi ikifika matatu unapata faida ya 760 badala ya 740, na ikiishia mawili unapoteza 500 ileile. Hakuna tokeo lolote linalokuumiza zaidi. Hapa gawa mwenyewe.

Kwa 2.75 wastani unadanganya, na hili ndilo kosa ninaloliona hata kwa watu wenye uzoefu. Wastani wa 2.00 na 2.75 ni 2.375, na mtu akiona skrini inatoa 2.30 anadhani anaibiwa. Haibiwi. Ukigawa 500 kwa 500, mabao matatu yanakupa 500 tu, wakati robo ingekupa 650. Manne yanakupa 1,375 badala ya 1,300. Umetengeneza dau la aina nyingine, linaloegemea zaidi manne, kisha unalilinganisha na lisilofanana nalo.

Ili ufananishe sawasawa, kila kipande kinatakiwa kitoe faida sawa. Chukua faida ya kila mstari, yaani odi ukitoa 1: 2.5 ina 1.00 na 3.0 ina 1.75. Ziite `a` na `b`, kisha:

```
odi sawa = 1 + 2ab / (a + b)
         = 1 + 2 × 1.00 × 1.75 / 2.75
         = 2.27
```

Hii 2.27 ndiyo bei ya kulinganisha na 2.30 ya skrini, na skrini imeshinda. Kuthibitisha, weka 636 kwenye 2.5 na 364 kwenye 3.0. Mabao matatu yanakupa 636, manne yanakupa 1,273. Robo inakupa 650 na 1,300. Kote robo iko juu, chukua robo.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba wastani wa kawaida unafaa kwa mistari ambayo nusu yake ni hasara. Ile ambayo nusu yake ni faida inataka fomula.

Upande wa Anda

Kwa Anda mambo yanageuka. Anda 2.25 mechi ikiisha na mabao mawili unapata nusu ya faida, kwa hiyo bei yake inapimwa kwa fomula. Anda 2.75 mechi ikiisha na matatu unapoteza nusu ya dau, kwa hiyo bei yake inapimwa kwa wastani. Uchaguzi nao unafuata umbo lilelile: mechi iliyobanana, yenye matatu mengi na manne machache, inaipa nguvu Anda 2.75, kwa sababu hasara zako nyingi zitakuwa za nusu. Mechi iliyotawanyika inaipa nguvu Anda 2.25, maana mabao 0 na 1 yanalipa kamili.

Dakika 90 zinavyobadilisha nusu

Mistari hii inahesabu dakika 90 pamoja na muda wa majeruhi. Dakika 30 za nyongeza na mikwaju ya penalti havimo, isipokuwa soko limeandikwa wazi kwamba linavihesabu. Bao la kujifunga linahesabiwa kama bao lingine lolote.

Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2014 jijini Lisbon inaonyesha hili vizuri. Kumbukumbu zinasema Real Madrid 4, Atletico Madrid 1, mabao matano. Lakini baada ya dakika 90 ilikuwa 1–1, maana Sergio Ramos alisawazisha dakika ya tatu ya muda wa majeruhi. Kwa hesabu ya soko ni mabao mawili: Ova 2.75 na Ova 2.5 zimepotea zote, na Ova 2.25 imepoteza nusu. Bila kichwa kile cha Ramos, hata 2.25 ingepotea yote. Fainali ya AFCON iliyochezwa Abidjan Februari 2024, Ivory Coast 2–1 Nigeria, iliisha ndani ya dakika 90 na mabao matatu: Ova 2.25 na 2.5 zililipa kamili, Ova 2.75 ililipa nusu.

Kwenye mechi za mtoano jambo hili lina uzito wa ziada kwa anayechagua. Timu zinazokaribia dakika ya 90 zikiwa 1–1 mara nyingi hazihatarishi; zinakubali kwenda nyongeza. Mabao mawili yanakuwa na uwezekano mkubwa kidogo, na hilo linasogeza mizani kuelekea 2.25 kwa mtu wa Ova.

Robo ndani ya mkeka wa mechi nyingi, na kwenye mubashara

Kampuni zinazokubali mistari ya robo kwenye mkeka wa mechi nyingi hazichani mkeka kwa matokeo ya nusu. Zinabadilisha odi ya mechi hiyo. Mechi iliyopoteza nusu inahesabiwa kwa odi 0.5. Iliyoshinda nusu inahesabiwa kwa odi yake ukijumlisha 1, kisha ukigawanya kwa 2. Kwa hiyo Ova 2.75 ya 2.30 ikiishia mabao matatu inakuwa 1.65.

Tuseme mkeka una Ova 2.25 ya 1.74, pamoja na mechi nyingine mbili za 1.90 na 2.00. Ulitarajia 6.61. Mechi ya kwanza ikiishia mabao mawili na nyingine zikishinda, odi ya mkeka inakuwa 0.5 × 1.90 × 2.00, yaani 1.90. Dau la 1,000 linalipa 1,900. Watu hufungua mkeka, wanaona malipo yamepungua zaidi ya theluthi mbili, wanadhani kampuni imekosea. Haijakosea. Ila ndani ya mkeka, kupoteza nusu kunakata nusu ya malipo yote, yakiwemo yaliyotokana na mechi ulizozipatia. Kwa hiyo kama lazima uweke robo kwenye mkeka wa Ova, 2.75 ina tabia bora kidogo kwa hilo: tokeo lake la nusu linaongeza odi badala ya kuikata, ingawa unakubali kwamba mabao mawili yatauchana mkeka mzima.

Kwenye mubashara, jumla ya mabao inahesabu mechi nzima, pamoja na yaliyokwishaingia kabla hujaweka dau. Usichanganye na handikapu ya Kiasia, ambayo mubashara huanza kuhesabu kutoka 0–0 pale ulipoweka. Mechi ikiwa 1–1 dakika ya 60 na skrini inaonyesha Ova 2.75, unahitaji bao moja ili upate nusu ya faida, na mawili ili upate yote. Ova 2.25 kwa wakati huohuo ina maana nyingine kabisa: tayari uko kwenye hasara ya nusu, na bao moja tu linakupa faida kamili. Mabao mawili yakishaingia, safu ya 0 au 1 ya jedwali letu imefutika, na hesabu ya kuchagua inabaki na safu tatu tu. Ifanye upya kwa odi zilizopo wakati huo. Odi za kabla ya mechi hazina kazi tena.